Bei ya Kipande Inavyokokotolewa Kila Siku, na Mahali Gharama za Mfuko Zinapoingia

Mwekezaji aliyenunua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja huiona bei ya kipande kila siku ya kazi, lakini gharama za kuendesha mfuko hazioni zikikatwa popote. Hapokei ankara, wala taarifa ya akaunti yake haionyeshi vipande vikipungua. Wengi huhitimisha kwamba hawatozwi kitu, au kwamba makato yatakuja mwisho wa mwaka. Ukweli ni kwamba makato hufanyika kila siku, kabla bei haijatangazwa, na bei anayoisoma mwekezaji tayari imeshayabeba. Mwongozo huu unaeleza hesabu hiyo kwa mifuko ya aina ile inayouzwa Tanzania, ambako UTT AMIS huendesha mifuko kama Umoja, ulioanza 2005, na Hatifungani, ulioanza 2019, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Takwimu za mfano nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Si za mfuko wowote uliopo.

Kanuni yenyewe ni fupi:

```
Thamani halisi ya mfuko = mali zote - madeni yote
Thamani ya kipande = thamani halisi ya mfuko / idadi ya vipande
```

Kazi iko katika kujua kinachohesabiwa kuwa mali, kinachohesabiwa kuwa deni, na kila kimoja kinathaminiwa kwa bei ipi.

Hatua ya kwanza: kuthamini mali

Tuchukue mfuko wenye hisa, hatifungani za serikali, amana ya muda benki na fedha taslimu, nao uthaminiwe Jumanne jioni baada ya soko kufungwa.

Hisa ndizo rahisi zaidi. Idadi ya hisa huzidishwa kwa bei ya kufungia ya siku hiyo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mfuko wetu una hisa 12,000,000 za kampuni ya kwanza, ambayo imefunga kwa shilingi 300, na hisa 600,000 za kampuni ya pili, iliyofunga kwa shilingi 4,200. Za kwanza zina thamani ya shilingi bilioni 3.6, za pili bilioni 2.52, na jumla yake ni bilioni 6.12. Bei ambayo mfuko ulizinunulia miaka iliyopita haina nafasi katika hesabu hii.

Hatifungani zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu thamani yake ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni bei ya hatifungani yenyewe. Mfuko wetu unashikilia hatifungani ya shilingi bilioni 10 inayolipa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, na bei yake ya leo ni shilingi 101.50 kwa kila shilingi 100, yaani bilioni 10.15. Sehemu ya pili ni riba ambayo imeshachumwa lakini haijalipwa. Serikali hulipa riba ya hatifungani mara mbili kwa mwaka, na kama zimepita siku 73 tangu malipo ya mwisho, mfuko una haki ya riba ya siku hizo 73, ambayo ni bilioni 10 mara asilimia 12 mara 73 gawanya kwa 365, sawa na shilingi milioni 240. Fedha hizo bado ziko kwa serikali, lakini ni mali ya mfuko na lazima zihesabiwe leo. Zikiachwa hadi siku ya malipo, bei ya kipande itaruka ghafla siku hiyo, na mtu aliyenunua vipande jana yake atajipatia riba ya nusu mwaka ambayo fedha zake hazikuichuma.

Amana ya muda hufuata utaratibu huohuo. Mfuko una bilioni 2 benki kwa riba ya asilimia 10 na siku 146 zimepita, kwa hiyo riba iliyolimbikizwa ni milioni 80. Taslimu ni milioni 310. Kampuni ya kwanza pia imetangaza gawio, ambalo baada ya kodi ya zuio linabaki shilingi 10 kwa kila hisa. Tarehe ya kustahili gawio imeshapita ingawa malipo hayajafanyika, na hivyo milioni 120 zinaingia kama mali inayodaiwa. Wakati wa kuingiza gawio una maana kubwa: bei ya hisa sokoni kwa kawaida hushuka mara hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, na kama meneja hakuliandika gawio siku hiyohiyo, thamani ya mfuko itaonekana imepungua bila sababu.

Mali zote za mfuko kwa hiyo ni bilioni 6.12 za hisa, bilioni 10.15 na milioni 240 za hatifungani, bilioni 2 na milioni 80 za amana, milioni 310 za taslimu na milioni 120 za gawio. Jumla ni shilingi 19,020,000,000.

Hatua ya pili: kutoa madeni

Deni ni kila kitu ambacho mfuko unapaswa kumlipa mtu mwingine, hata kama siku ya malipo haijafika. Waliouza vipande vyao wiki hii na bado hawajaingiziwa fedha wanaudai mfuko milioni 77. Hisa zilizonunuliwa sokoni ambazo malipo yake hayajakamilika ni milioni 20. Ada ya meneja iliyolimbikizwa tangu mwezi uanze, ambayo atalipwa mwezi utakapoisha, imefikia milioni 15.5. Ada ya benki inayotunza dhamana za mfuko, ada ya mkaguzi wa hesabu na gharama nyingine zilizolimbikizwa ni milioni 7.5. Jumla ya madeni ni milioni 120.

Thamani halisi ya mfuko ni bilioni 19.02 kutoa milioni 120, yaani shilingi 18,900,000,000. Vipande vilivyo mikononi mwa wawekezaji ni 45,000,000. Ukigawanya, thamani ya kipande kwa Jumanne ni shilingi 420.0000. Desimali nne huonekana nyingi mno kwa macho, lakini katika mfuko wenye mamilioni ya vipande hata kosa la nusu senti kwa kipande hufanya fedha zisizo kidogo.

Hatua ya tatu: siku inayofuata

Hesabu ya siku moja haionyeshi gharama zinavyofanya kazi, kwa hiyo twende hadi Jumatano. Tuseme hisa ya kampuni ya kwanza imepanda kutoka 300 hadi 306, ya pili haikusogea, na bei ya hatifungani imebaki palepale.

Kupanda kwa hisa kumeongeza shilingi 72,000,000. Hatifungani imechuma riba ya siku moja, shilingi 3,287,671, na amana imechuma 547,945. Upande wa pili, mfuko huu una ada ya meneja ya asilimia 1.5 kwa mwaka na gharama nyingine za asilimia 0.5, jumla asilimia 2 ya thamani halisi ya mfuko. Sehemu ya siku moja ni bilioni 18.9 mara asilimia 2 gawanya kwa 365, ambayo ni shilingi 1,035,616. Kiasi hicho huandikwa katika madeni jioni hiyohiyo.

Mfuko umeongezeka kwa shilingi 74,800,000 na thamani halisi sasa ni 18,974,800,000. Kwa vipande vilevile 45,000,000, bei ya Jumatano ni shilingi 421.6622. Kama gharama zisingekatwa, bei ingekuwa 421.6852. Tofauti ni shilingi 0.023 kwa kipande, yaani senti mbili na ushei. Hakuna mwekezaji atakayeiona senti hiyo ikiondoka, hasa siku ambayo bei imepanda kwa zaidi ya shilingi moja na nusu. Lakini inaondoka kila siku, soko likipanda au likishuka, na kwa siku 365 inafikia shilingi 8.40 kwa kila kipande, ambazo ni asilimia 2 ya 420.

Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazisamehewi. Riba huendelea kuchumwa na gharama huendelea kulimbikizwa siku hizo, ndiyo maana bei ya Jumatatu kwa kawaida hubeba riba na gharama za siku tatu kwa pamoja.

Fedha mpya zinapoingia

Swali linaloulizwa sana ni kama wawekezaji wapya hupunguza thamani ya vipande vya wa zamani. Jibu linategemea jambo moja tu, nalo ni bei waliyouziwa. Tuseme mtu ameleta shilingi 10,000,000 Jumatano mchana. Akiuziwa kwa bei itakayokokotolewa jioni ya siku hiyo, 421.6622, atapata vipande 23,715.67. Thamani ya mfuko inapanda kwa milioni 10, idadi ya vipande inapanda kwa 23,715.67, na ukigawanya upya unapata 421.6622 ileile. Hakuna aliyepata wala aliyepoteza.

Akiuziwa kwa bei ya Jumanne aliyoiona tayari imetangazwa, atapata vipande 23,809.52, yaani karibu vipande 94 zaidi. Vipande hivyo vina thamani ya zaidi ya shilingi 39,500, na fedha hizo zimetoka kwa wawekezaji waliokuwamo. Mtu mmoja akifanya hivyo madhara ni madogo, lakini mtu mwenye bilioni kadhaa anayefuatilia soko mchana kutwa anaweza kuuchota mfuko kila hisa zinapopanda. Kwa sababu hiyo utaratibu ulio salama ni wa bei inayofuata: ombi likipokelewa kabla ya saa ya mwisho, linapewa bei ya jioni hiyo, likichelewa, linapewa bei ya siku ya kazi inayofuata. Saa hiyo imeandikwa katika waraka wa toleo wa mfuko, na mwekezaji anapaswa kuijua kabla ya kutuma fedha, kwa kuwa bei aliyoiona asubuhi mara nyingi siyo atakayoipata.

Kusoma jedwali la kila siku

Jedwali la bei huonyesha thamani halisi ya mfuko, idadi ya vipande, thamani ya kipande, bei ya kuuza na bei ya kununua tena. Neno kuuza na neno kununua hapo yanatazamwa kutoka upande wa mfuko: bei ya kuuza ndiyo wewe unayolipa unapoingia, na bei ya kununua tena ndiyo unayolipwa unapotoka. Mfuko wenye gharama ya kujitoa ya asilimia 1 na thamani ya kipande ya 421.6622 utakulipa 417.4456. Gharama hiyo haimo katika ada ya kila siku. Inamgusa anayetoka peke yake, na waraka wa toleo ndio unaosema kama ipo na ni kiasi gani.

Jambo la kwanza la kufanya ukiwa na jedwali ni kugawanya mwenyewe thamani halisi kwa idadi ya vipande na kuona kama unapata bei iliyotangazwa. La pili ni kulinganisha siku mbili. Thamani ya mfuko ikishuka pamoja na idadi ya vipande huku bei ikibaki karibu palepale, maana yake wawekezaji wametoa fedha. Uwekezaji haukupata hasara. Bei ikishuka ghafla huku idadi ya vipande haikubadilika, tafuta kwanza kama mfuko umegawa mapato. Mfuko unaogawa shilingi 10 kwa kipande utashuka kutoka 420 hadi karibu 410 siku hiyo, na zile 10 ziko njiani kuja kwako. Hasara ni kushuka kusikoelezwa na mgao.

Bei ya kipande haisemi chochote kuhusu urahisi au ughali wa mfuko. Kipande cha mfuko ulioanza miaka 20 iliyopita na unaorudisha mapato yake ndani kwa kawaida huwa na bei kubwa kuliko kipande cha mfuko ulioanza juzi kwa shilingi 100, au cha mfuko unaogawa mapato kila mara. Mtu anayechagua kwa sababu shilingi milioni moja itampatia vipande vingi anahesabu kitu kisichokuwa na maana. Kitakachompa faida ni asilimia ambayo bei hukua, pamoja na mgao kama upo.

Uwiano wa gharama

Uwiano wa gharama ni jumla ya gharama zote ambazo mfuko ulibeba kwa mwaka, ikigawanywa kwa wastani wa thamani halisi ya mfuko katika mwaka huo. Neno wastani ndilo lenye uzito. Chukua mfuko uliotumia shilingi milioni 372 kwa mwaka ambao wastani wa thamani yake ulikuwa bilioni 18.6: uwiano wake ni asilimia 2. Kama mfuko huo ulikua haraka na ukafunga mwaka ukiwa na bilioni 24, mtu anayegawanya kwa thamani ya mwisho atapata asilimia 1.55 na kuuona nafuu kuliko ulivyo. Katika mifuko inayokua kwa kasi, kosa hili ni la kawaida.

Ndani ya uwiano huo huingia ada ya meneja, ada ya benki inayotunza dhamana, ukaguzi wa hesabu, ada za msimamizi wa soko, uchapishaji, matangazo na uendeshaji. Ada ya meneja peke yake siyo uwiano wa gharama, ingawa ndiyo inayotajwa kwenye vipeperushi. Vilevile kuna gharama ambazo uwiano huu kwa kawaida hauzionyeshi: kamisheni ya madalali wa soko la hisa, ambayo huongezwa kwenye bei ya kununulia hisa au hukatwa kwenye fedha za mauzo, gharama ya kujitoa, na makato ya mtandao wa simu unapotuma fedha. Mfuko unaonunua na kuuza hisa mara kwa mara unaweza kuwa na uwiano mdogo na bado ukapoteza fedha nyingi kwa madalali.

Ili kukokotoa mwenyewe, chukua taarifa ya fedha iliyokaguliwa na usome jumla ya gharama katika taarifa ya mapato na matumizi. Kisha chukua thamani halisi ya mfuko ya siku ya mwisho ya kila mwezi kutoka katika majedwali ya bei, jumlisha zote 12 na ugawanye kwa 12. Gawanya gharama kwa wastani huo. Hautalingana kabisa na wa meneja, ambaye anatumia siku zote, lakini utakaribia sana.

Uzito wa asilimia hizi huonekana kwa muda mrefu. Shilingi milioni 10 katika mifuko miwili ambayo uwekezaji wake huzaa asilimia 12 kwa mwaka kabla ya gharama, mmoja ukitumia asilimia 1 na mwingine asilimia 3, zitafika baada ya miaka 10 kwenye takribani milioni 28.39 kwa wa kwanza na milioni 23.67 kwa wa pili. Tofauti ya milioni 4.72 ni karibu nusu ya mtaji wa mwanzo. Hata hivyo, linganisha mifuko ya aina moja. Mfuko wa ukwasi na mfuko wa hisa hazihitaji kazi sawa, na kudai ziwe na gharama sawa siyo haki.

Kwa msomaji wa Kenya kuna tofauti ya kuzingatia. Mifuko ya soko la fedha huko, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi, hutangaza kiwango cha riba ya mwaka mahali pa bei ya kipande inayopanda. Kiwango hicho kwa kawaida kimeshatolewa ada ya meneja lakini hakijatolewa kodi ya zuio ya asilimia 15. Kiwango cha asilimia 10 kwa hiyo kinakuachia asilimia 8.5, na kukipunguzia tena ada ya meneja ni kuikata mara mbili.

Pale ambapo bei inaweza kupotosha

Hesabu inaweza kuwa sahihi hadi desimali ya nne na bei ikawa bado si ya kweli, kwa sababu thamani za mali zilizoingizwa ni za zamani. Katika soko letu kuna hisa ambazo hupita siku kadhaa bila kuuzwa. Bei ya kufungia hubaki ile ya mauzo ya mwisho, na mfuko huendelea kuitumia ingawa hakuna mnunuzi anayeitoa leo.

Hatifungani zina tatizo kubwa zaidi. Baadhi ya mifuko huzithamini kwa bei ya soko, na mingine huzithamini kwa gharama ya ununuzi inayosogezwa taratibu kuelekea thamani ya siku ya kuiva, yaani siku ambayo mtaji wa hatifungani hurudishwa. Njia ya pili hutoa bei ya kipande inayopanda kwa utulivu karibu kila siku, jambo linalowapendeza wawekezaji. Lakini riba za hatifungani mpya zikipanda, zile za zamani hupoteza thamani sokoni, na njia hiyo haionyeshi upotevu huo. Wanaotoka mapema hulipwa kwa bei iliyo juu ya thamani ya kweli, na mfuko ukilazimika kuuza hatifungani ili kuwalipa, upungufu huwaangukia waliobaki.

Dalili yake ni bei ambayo haijawahi kushuka hata siku moja katika kipindi ambacho riba za minada ya Benki Kuu zimepanda waziwazi. Dalili hiyo haithibitishi kosa, kwa kuwa njia zote mbili zinakubalika katika uhasibu kwa masharti yake, lakini inatosha kukupeleka kwenye maelezo ya sera za uhasibu katika taarifa ya mwaka. Hapo tafuta sentensi inayosema hatifungani zinathaminiwa vipi, kisha tazama jedwali la muda wa kuiva. Hatifungani nyingi zikiwa zimebakiza miaka 15 au 20 na zinathaminiwa kwa gharama ya ununuzi, muulize meneja kwa maandishi thamani yake ya soko ni kiasi gani, na bei ya kipande ingekuwa ngapi kama thamani hiyo ndiyo ingetumika.